"Ana Kifua": Jina la TB Tunavyolizunguka, Kuanzia Kangemi Hadi Mombasa

Simu ilitoka Mombasa, kwa mama. "Mjomba wako huko Nairobi ana kifua. Ebu mwangalie." Hakusema zaidi. Nami nilivyosikia kifua nikafahamu ninachokifahamu siku zote: mtu wa Pwani amepanda bara, baridi ya Julai imemwingia, atapewa asali na tangawizi, kitapita. Nikachukua siku nane kabla ya kumtembelea. Kutoka Uthiru kwangu hadi Kangemi kwake ni mwendo wa matatu wa dakika chache tu.

Mjomba alikuwa na TB. Mama alikuwa akijua. Mjomba mwenyewe alikuwa akijua kwa wiki mbili. Mimi niliambiwa "kifua", binti yake anayeishi naye akaambiwa "pumu", mwenye nyumba akaambiwa "presha". Maneno matatu, ugonjwa mmoja, na katika chumba hicho cha futi kumi kwa kumi alikuwa akilala pia mjukuu wa miaka mitatu.

Nimeishi upande huu wa magharibi wa Nairobi miaka mingi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno tunayoyatumia kuuzunguka ugonjwa huu. Kuna magonjwa mengine mengi tunayoyafunika, lakini nimeuchagua TB kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri zaidi ni wapi kufunika kunamsaidia mgonjwa na ni wapi kunamdhuru mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Jina lenyewe ni la kufichia

Kwanza tuangalie jina la heshima, kifua kikuu. Halitaji kikohozi, wala damu, wala kukonda. Linataja mahali pa mwili, kisha linasema ni "kikuu". Ndivyo lugha yetu inavyofanya na mambo ya kuogopwa: inataja pembeni. Nyumbani Pwani nyoka usiku huitwa kamba, na watoto hufunzwa hivyo kabla hawajafunzwa sababu. Saratani nayo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando, na Wazungu nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa vilevile. Mtu anayesema saratani tayari anazungumza kwa fumbo, ila fumbo limezeeka hata hatulisikii tena.

Tatizo la jina la kufichia ni kwamba halidumu. Likishazoeleka, watu huanza kuogopa lenyewe, nalo pia huhitaji kufunikwa. Kifua kikuu kilipokuwa neno zito, watu waliikimbilia TB, herufi mbili za kigeni zisizo na sura. Kwa muda TB ilikuwa neno safi kabisa, hata likatumika kufunika neno jingine.

Hapo ndipo hadithi ya Nairobi inapoingia. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka wa 1984, na ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Rais Moi kuutangaza kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo kumi na mitano watu walizikwa kwa maneno mengine. Tangazo la kifo lilisema marehemu ameaga "baada ya kuugua kwa muda mfupi" au "kwa muda mrefu". Katika mitaa kama Kangemi na Kawangware, ambako kila ukoo umeleta lugha yake, kila lugha ilikuwa na pazia lake. Wajaluo wengine walisema chira, yaani mkosi wa kuvunja mwiko, ambao humkondesha mtu. Wakikuyu walisema mukingo. Vijana wa Sheng wakasema "ana ngoma". Kwenye hotuba za makaburini, palipohitajika jina la hospitali, lilisemwa TB, au nimonia, au malaria.

Haikuwa uongo mtupu. Virusi vya Ukimwi vinapopunguza kinga, vijidudu vya TB vilivyokuwa vimelala mapafuni huamka, na kulikuwa na wakati takriban nusu ya wagonjwa wa TB waliopimwa nchini walikuwa na virusi pia. Lakini matokeo yake kwa lugha yalikuwa mabaya. Jirani aliposikia TB, alisikia Ukimwi. Neno lililokuwa pazia likawa dirisha. Mgonjwa mwenye TB peke yake, asiye na virusi, akajikuta analazimika kufunika neno ambalo halikuwa na aibu hiyo zamani. Ndipo tukarudi nyuma, tukaacha "kikuu", tukabaki na "kifua".

Siku hizi idadi ya wagonjwa wa TB wenye virusi imeshuka sana kuliko ilivyokuwa. Neno halijashuka. Woga wa neno huchelewa nyuma ya ugonjwa kwa miaka mingi.

Mahali panapogeuka kuwa ugonjwa

Njia nyingine ya kutotaja ugonjwa ni kutaja jengo. Ukisema Nairobi kwamba fulani "amepelekwa Mathari", hakuna anayeuliza anaumwa nini. Mombasa tunasema Port Reitz kwa maana hiyohiyo, ingawa hospitali hiyo hutibu mambo mengi mengine. Katikati ya jiji, upande wa River Road, kuna kliniki ya kaunti inayojulikana kwa jina la Kasino, kwa sababu ya sinema ya zamani iliyo jirani. Kwa miaka mingi ilikuwa kituo cha magonjwa ya zinaa, na jina lake rasmi la Kiingereza lilikuwa na maana ya kliniki ya matibabu maalumu. Angalia: serikali yenyewe ilikuwa imefunika. Neno "maalumu" lilifanya kazi ileile inayofanywa na "kile kitu" mtaani. Watu nao wakalifunika la serikali kwa jina la sinema.

Kwa TB, jengo ni Mbagathi. Hospitali hiyo ilianza katika miaka ya 1950 kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na wazee wa Nairobi bado wanaiita kwa herufi tatu za jina lake la zamani la Kiingereza. Leo Mbagathi ni hospitali ya kawaida ya kaunti, watu huenda kujifungulia huko. Lakini mzee wa Kawangware akikuambia kwa sauti ya chini kuwa jirani "anaenda Mbagathi kila mwezi", amekuambia alichotaka kukuambia, na bado akiulizwa anaweza kuapa kwamba hajataja ugonjwa wa mtu. Hiyo ndiyo faida ya jengo: habari inafika bila aliyeileta.

Kwa nini hatutaji

Watu wa semina husema ni ujinga. Mimi nilikaa na mjomba jioni nyingi na sikuona ujinga. Niliona hesabu, na hesabu yake ilikuwa na sababu tatu.

Ya kwanza ni stara. Sisi tumelelewa kwamba aibu ya mtu hufunikwa. Ukimwona amevuliwa nguo na upepo unageuza uso, hukimbii kumwambia. Ugonjwa unaotoa makohozi, damu na jasho la usiku ni kama kuvuliwa nguo. Anayesema "kifua" anamgeuzia mgonjwa uso kwa adabu. Mama aliponipigia simu hakuwa akinidanganya. Alikuwa akimsitiri ndugu yake, na alitarajia mimi, mtu mzima, nisikie kilicho chini ya neno. Sikusikia, kwa sababu mimi nimekaa Nairobi muda mrefu na sikio langu la Pwani limepungua.

Ya pili ni ndoa. Posa inapokuja, wazee huulizia ukoo: je, kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu, kuna kifua? TB hairithiwi, bali huambukizwa kwa hewa. Lakini zamani watu waliona nyumba moja inakohoa kizazi baada ya kizazi, wakahesabu ni damu. Kwa hivyo jina la ugonjwa halimshiki mgonjwa peke yake. Linawashika na dada zake na watoto wake. Mjomba ana binti wawili bado hawajaolewa Mombasa. Ugonjwa wenyewe huisha kwa miezi sita. Jina, kwa hesabu yake, lingekaa miaka ishirini.

Ya tatu ni kodi ya nyumba. Kangemi choo ni kimoja kwa vyumba vingi, bomba ni moja, na ukuta ni bati. Mwenye nyumba akisikia kuna TB hahitaji kumfukuza mtu. Anasema tu ana mgeni anayetaka chumba mwisho wa mwezi. Mjomba ni fundi cherehani. Wateja wake huleta nguo za kuvaa mwilini. Alinieleza taratibu: "Mpwa wangu, nani ataniletea buibui lake nilishone akijua nakohoa nini?" TB haiambukizwi kwa nguo, wala vyombo, wala kupeana mkono. Hilo ni kweli, na mjomba analijua. Lakini halimlipii kodi.

Kuna na sababu ya nne ambayo mjomba hakuitaja, nayo inatoka upande wa hospitali na serikali. Kwa miaka mingi, mtu aliyeshukiwa kuwa na TB aliitwa kwenye vitabu vya kitabibu kwa neno la Kiingereza linalotumiwa na polisi kwa mshukiwa wa wizi. Aliyeacha dawa aliitwa kwa neno linalotumiwa kwa asiyelipa deni. Shirika la Afya Duniani liliyabadilisha maneno hayo katika maelekezo yake ya mwaka wa 2013. Nasi tulikuwa tumekwenda mbali zaidi ya maneno. Mwaka wa 2010 wanaume wawili wa Kapsabet waliokatiza dawa za TB walipelekwa mahakamani na kuamriwa wafungwe gerezani miezi minane, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Walikaa siku 46 kabla ya kutolewa. Kesi ikafika Mahakama Kuu hapa Nairobi, na tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kumfunga mgonjwa wa TB gerezani ni kinyume cha Katiba. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya TB Duniani, inayokumbuka siku ambayo Robert Koch alitangaza mwaka wa 1882 kwamba amekiona kijidudu cha ugonjwa huu. Ilituchukua miaka 134 kutoka kukijua kijidudu hadi kukubaliana kwamba mgonjwa si mfungwa. Katika nchi yenye historia hiyo, anayenong'ona hajapotoka akili.

Mahali matatu ambapo pazia linaumiza

Stara basi ina sababu zake. Lakini TB ni ugonjwa unaopita kutoka mtu hadi mtu kwa pumzi, na matibabu yake yanategemea habari kupita kutoka mtu hadi mtu vilevile. Nimejaribu kuhesabu ni wapi habari ilikwama kwa mjomba, nikapata mahali matatu.

Mahali pa kwanza ni kaunta ya dawa. Kabla ya kujulikana ana nini, mjomba alikohoa karibu miezi mitatu. Alienda duka la dawa mara nne, na kila mara alisema: "Kifua kinanisumbua." Neno hilo ni pana mno. Ndani yake mna mafua, pumu, nimonia, kiungulia, hata moyo. Muuzaji alimpa alichokuwa nacho: dawa ya maji ya kikohozi, kisha antibiotiki za siku tano. Antibiotiki za kawaida zinaweza kumpa mtu nafuu ya siku chache, kwa kuwa zinaua vijidudu vingine, huku TB ikiendelea. Nafuu hiyo ndiyo inayodanganya. Mjomba alijiona amepona mara mbili. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa wanne kati ya kila kumi wa TB nchini hawagunduliwi. Wengi wao hawajajificha msituni. Wako kwenye foleni ya duka la dawa wakisema "kifua".

Hapa dawa ya neno ni rahisi, na haihitaji kulitaja jina. Badala ya kutaja ugonjwa, taja dalili na muda. "Nakohoa wiki ya tatu sasa. Usiku natoka jasho hadi shuka inalowa. Suruali zangu zimenilegea. Jioni napata homa." Maneno hayo manne, yaani kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito na homa, ndiyo maswali anayouliza mhudumu wa afya anapotafuta TB. Hayana aibu. Mtu yeyote anaweza kuyasema mbele ya foleni. Na yakisemwa, mhudumu anayejua kazi yake ataagiza makohozi yapimwe kwa mashine inayotafuta chembechembe za urithi za kijidudu, ambayo kazi yake yenyewe huchukua takriban saa mbili, na pia huonyesha kama kijidudu kimezoea dawa kuu, rifampisini. Katika vituo vya umma dawa za TB hazilipiwi.

Mahali pa pili ni swali la nani unaishi naye. Mjomba alipopatikana na TB kwenye kituo kimoja cha afya, aliulizwa swali hilo, kama anavyoulizwa kila mgonjwa. Akajibu: "Naishi peke yangu." Aliogopa mhudumu wa jamii angefika mlangoni na mkoba wake, na majirani wanaujua mkoba ule. Jibu likaandikwa. Mjukuu hakuandikwa.

Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayelala chumba kimoja na mgonjwa wa TB yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mzima, kwa kuwa kinga yake bado changa. Ugonjwa ukimpata unaweza kwenda haraka, hata ukafika kwenye utando wa ubongo. Kwa sababu hiyo mtoto kama huyo huchunguzwa mara moja, na akionekana mzima hupewa dawa za kumkinga. Dawa hizo zinaanza siku jina linapotajwa. Lisipotajwa, hazianzi.

Tena kwa mtoto dalili ni za kimya. Hatoi makohozi, huyameza. Huenda asikohoe sana. Unachokiona ni kwamba haongezeki uzito, anachoka kucheza, ana homa isiyoeleweka. Mamake, yaani dada yangu, binti ya mjomba, alidhani ni meno, kisha minyoo, kisha jicho la watu. Hakuwa na sababu ya kudhani TB, kwa sababu alijua baba yake ana pumu.

Mahali pa tatu ni miezi sita ya dawa. TB ya kawaida hutibiwa kwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi, wagonjwa wengi hawaambukizi tena, na baada ya mwezi mmoja au miwili mtu hujisikia mzima kabisa. Ndipo wengi wanapoacha. Mgonjwa aliyewaambia watu wa nyumbani ukweli ana wa kumkumbusha. Aliyesema presha hana. Tena siri yenyewe ni vigumu kuitunza, kwa kuwa rifampisini huugeuza mkojo, hata machozi, kuwa rangi ya chungwa iliyoiva. Hakuna ubaya wowote, ni rangi ya dawa tu. Lakini kwenye choo cha pamoja Kangemi, rangi hiyo ni tangazo. Nimesikia mgonjwa aliyeziacha dawa kwa sababu ya rangi hiyo pekee.

Siri hiyo huingia na kwenye dawa nyingine. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi. Mwanamke akimwambia mhudumu mwingine kwamba anatumia "dawa za kifua", mhudumu huyo atafikiria dawa ya maji. Anaweza kushika mimba asiyoitaka kwa sababu ya neno moja lisilotosha.

Jinsi mambo yalivyotokea

Nilimkuta mjomba ameketi nje, cherehani ameifunika kwa shuka. Tukasalimiana, akanikaribisha chai. Sikumuuliza ana ugonjwa gani. Nilimuuliza: "Mjomba, dawa zako unameza ngapi kwa siku?" Akasema nne, asubuhi, kabla ya kula. "Na umeambiwa umeze hadi lini?" Akanyamaza, akaangalia mlango, kisha akasema, "Miezi sita." Hapo nikafahamu. Hakuna dawa ya pumu ya miezi sita, na ya presha haina mwisho. Muda wa dawa ni jina la ugonjwa kwa anayejua kusoma.

Nikamuuliza tena, polepole: "Na mtoto ameangaliwa?"

Hakunijibu siku hiyo. Alinijibu siku ya pili kwa simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. Aliniomba nimwambie binti yake mimi, kwa sababu baba hawezi kumwambia binti yake maneno kama hayo, na nimwambie nje ya nyumba. Nikamwambia tukiwa kituo cha matatu cha Waiyaki Way, magari yakipiga kelele, mahali ambapo hakuna jirani anayesikia. Kwanza alikasirika, akalia, kisha akaenda kumchukua mtoto.

Mtoto alikutwa na TB. Ilikuwa bado mapafuni. Alipewa dawa za watoto zinazoyeyuka kwenye maji na zenye ladha ya matunda, ambazo Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuzianzisha nchi nzima, Oktoba 2016. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunja vidonge vichungu vya watu wazima na kukisia kipimo. Alimaliza miezi sita. Ni mzima.

Kusitiri bila kuficha

Sijaandika haya ili tuanze kutangaza magonjwa ya watu kwenye vikundi vya simu. Nafikiri stara ya Pwani ni jambo zuri, na Nairobi ingefaidika kuwa nayo zaidi. Nilichojifunza ni kwamba kuna watu wachache wanaostahili jina kamili, na wengine wote wanaweza kubaki na "kifua".

Anayestahili jina kamili ni kila mhudumu anayekupa dawa yoyote, hata ya jino. Anastahili kila mtu anayelala chumba chako, na mzazi wa kila mtoto anayelala humo. Anastahili mtu mmoja wa kukukumbusha dawa. Mwenye nyumba hastahili. Jirani hastahili. Kama huwezi kumwambia mtu wa nyumbani kwa mdomo wako, tuma mtu, kama alivyonituma mjomba. Ukoo wetu una mashangazi na wajomba kwa kazi kama hiyo. Na kama hutaki mhudumu wa jamii afike mlangoni, mwambie hivyo waziwazi, uwapeleke watoto kituoni wewe mwenyewe. Hilo ni bora mara mia kuliko kusema unaishi peke yako.

Upande wa anayesikia nao una kazi. Ukiambiwa "ana kifua" au "baridi ya Nairobi imemshika", usilazimishe jina. Uliza wiki ngapi. Uliza jasho. Uliza dawa ni za muda gani, na nani analala pale. Majibu yatakuambia.

Mjomba amerudi kwenye cherehani yake. Wateja wake hawajajua hadi leo. Mwezi uliopita nilimsikia akizungumza na rafiki yake mzee, fundi viatu, ambaye amekuwa akikohoa. Mjomba alimwambia yeye naye aliwahi kuwa na kifua, akaenda kituoni, akapona. Rafiki akauliza kifua gani. Mjomba akavuta kiti karibu, akamwambia sikioni.